Shajara ya mradi: Rehema, nyanya yake na majani ya mpera

Jumatatu

Hadithi fupi niliyokuwa nikiizungusha kichwani sasa ina mifupa. Mhusika ni Rehema, mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili, anayeishi kwa nyanya yake, Zuhura, mtaa wa Majengo, Pumwani, Nairobi. Mchana yuko wodini, jioni yuko jikoni akiitazama mikono ya nyanya. Hamwulizi kitu. Anaiba ujuzi kwa macho. Hapo ndipo penye utamu wa hadithi, na hapo hapo ndipo penye taabu yake, maana mtu anayejifunza kimyakimya hana mazungumzo, na msomaji huchoka haraka na watu wasiosemezana.

Kazi ya leo ilikuwa kuchagua jani. Mtu yeyote atakayeandika hadithi ya namna hii Kenya atakimbilia mwarobaini, na mimi pia ndio ulionijia kwanza. Nimeuacha kwa sababu ya mahali. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na mwarobaini ni mti wa joto, hausitawi kwenye baridi ya huku. Majani ya Nyanya Zuhura ya mwarobaini hutoka Mombasa yakiwa makavu, yamefungwa kwenye gazeti ndani ya mfuko, kwa basi la usiku. Hiyo inaweza kuwa sentensi moja nzuri, lakini haiwezi kubeba hadithi. Mkaratusi ni wa kujifukiza tu. Nataka jani ambalo Rehema anaweza kulifuata kutoka mtini hadi mdomoni mwa mgonjwa, tena ugonjwa ambao yeye mwenyewe kaufundishwa darasani. Kwa hiyo ni mpera, uliosimama uani nyuma ya choo cha pamoja, na ugonjwa ni kuharisha kwa mtoto mdogo.

Kuna jambo limenifurahisha nilipoyapanga majani hayo matatu mezani. Hakuna hata moja la asili ya hapa. Mpera ulitoka Amerika ya joto, mwarobaini India, mkaratusi Australia, na huo mkaratusi ulipandwa Kenya mwanzoni mwa karne iliyopita ili upatikane kuni za kuendeshea treni. Majengo nayo ilijengwa miaka ya 1920 na watu waliotoka kila upande, na baadhi ya vijiji vilivyoitangulia, kama Pangani ya zamani, vilibomolewa. Dawa ya "tangu mababu" ya Nyanya Zuhura ni dawa ya wahamiaji waliojaribu kilichoota karibu na mlango wao. Hilo linanisaidia kumwandika nyanya bila ukungu wa hekima za kale. Ni mwanamke mwenye majaribio yake.

Jumatano

Leo nimeandika tukio la kuchuma. Nililitaka liwe refu kuliko mengine yote ya mwanzo, kwa kuwa hapa ndipo msomaji anapopaswa kuuona ujuzi wenyewe. Mtu akisema tu kwamba "nyanya alijua majani" hajasema kitu. Hili hapa lilivyo kwa sasa:

> Nyanya alichuma bila kutazama. Vidole vilipanda kijiti mpaka nchani, vikaonja ulaini, vikavunja. Majani mapana ya chini aliyapita. Kiganja kilipojaa alikikunja nusu, akakitikisa, na yaliyoanguka akayaacha yaanguke.
>
> "Mke mwenzangu, niletee ile sufuria yenye kifuniko."
>
> Rehema aliileta, na njiani aliitia maji kwa chupa ya soda ya nusu lita, chupa ya kwanza, chupa ya pili. Nyanya alimwona. Hakusema kitu.
>
> Yalichemka. Rehema aliipindua saa yake ya kifuani, ile ya kuhesabia mapigo ya moyo, akaisoma bila kuishika. Nyanya hakuwa na saa. Alikuwa akifunua kifuniko, anachota kwa kijiko, anamwaga, anachota tena, mpaka rangi ilipofika turungi nyepesi. Hapo akaepua.

Utani wa "mke mwenzangu" nimeuweka makusudi. Nyanya na mjukuu wa kike kwao ni watani, na utani huo ndio unaowawezesha kukaa jikoni saa nzima bila somo na bila mwalimu. Rehema angemwita kwa heshima za darasani, nyanya angeanza kufundisha, na hadithi ingekufa.

Sasa vipimo. Rehema ni mtoto wa hospitali, kwa hiyo anafanya alichozoea: anapima. Nyuma ya daftari lake la chuo, ukurasa wa mwisho kwenda mbele, anaandika. Majani aliyochuma nyanya anayapeleka kwa mwenye duka la viungo aliye na mizani ndogo ya zafarani, anamdanganya kuwa ni ya chai. Siku moja ukufi mmoja wa nyanya unatoka gramu 11. Wiki nyingine, baada ya mvua, mkono ule ule unatoa 19. Anadhani nyanya kakosea. Halafu anagundua kwamba nyanya, siku ile ya majani mazito, aliongeza maji bila kusema, akachemsha muda mfupi zaidi, na rangi ikafika pale pale pa turungi nyepesi.

Hapa nimemwacha Rehema agundue nusu tu ya jambo, na nusu nyingine nimeiacha wazi. Rangi inamwambia nyanya kwamba ule utomvu mkali wa jani, yaani tanini, umetoka kwa kiasi fulani. Kwa hiyo rangi ni kipimo cha kweli, na si kibaya kwa mtu asiye na mizani. Lakini rangi haisemi yote. Jani changa na jani kongwe hazifanani, wala jani la kiangazi na la masika, na viambata vingine vya jani la mpera havina rangi ya kuonekana kwa jicho. Ndiyo maana Rehema, hata akijaza kurasa ngapi, hawezi kutoka na dozi ya kuandika kwenye cheti. Anachoweza kutoka nacho ni kumbukumbu ya nini hasa kilipewa nani, lini, na kiasi gani. Mwanzoni hilo linaonekana kama kushindwa. Mwishoni mwa hadithi ndilo litakalofaa.

Ijumaa

Siku ya kusoma zaidi kuliko kuandika. Nimekaa na rafiki yangu muuguzi wa watoto, nikamwambia amsome Rehema kama anavyosoma faili la mgonjwa. Alicheka alipofika kwenye saa ya kifuani, akasema hiyo imekaa.

Kuhusu jani lenyewe hatukutofautiana sana. Jani la mpera lina tanini zinazokaza utando wa utumbo, na lina kwesetini, ambayo katika majaribio ya maabara imeonekana kupunguza mikazo ya utumbo. Kwa hiyo mama anaposema "nilimpa mpera, tumbo likafunga," si lazima awe anaota. Jani linaweza kweli kupunguza safari za choo.

Ila hapo ndipo rafiki yangu alipoweka kalamu chini. Mtoto anayeharisha hauawi na choo. Anauawa na maji na chumvi zinazomtoka. Ukipunguza mwendo wa utumbo bila kurudisha maji, umeficha dalili, na mtoto bado amekauka. Maji mengine yanaweza kuwa yamekwisha kutoka mwilini yakajaa ndani ya utumbo, tumbo limejaa, nepi ni kavu, na mama anashukuru Mungu. Ndiyo sababu hiyo hiyo hospitali haziwapi watoto wadogo vidonge vya kufunga kuharisha, vile ambavyo mtu mzima hununua kabla ya safari. Na kama kuna damu kwenye choo, kuuzuia utumbo usitoe kilichomo ni hatari zaidi.

Nilitoka pale nikiwa na kilele cha hadithi. Nilikuwa nimepanga kilele cha kawaida, jani linashindwa au jani linashinda. Sasa nataka jani lifanye kazi yake sawasawa, na mtoto aendelee kuwa hatarini vilevile. Nyanya hajakosea, mama hajakosea, na bado kuna mtu lazima aone kisichoonekana.

Jumamosi

Mgonjwa ni Swaleh, miezi 14, mtoto wa chumba cha tatu. Ameanza kuharisha usiku wa jana. Asubuhi mama yake kabisha hodi kwa Nyanya Zuhura, na Swaleh kapewa kijiko kimoja cha chai cha maji ya mpera saa mbili, kingine saa sita, kingine saa kumi. Rehema anarudi kutoka wodini saa moja jioni.

> "Amefunga," Mama Swaleh alisema, akicheka kwa uchovu. "Tangu alasiri nepi kavu. Nyanya, Mungu akuzidishie."
>
> "Amin, mwanangu."
>
> Rehema hakuwa amevua sweta la chuo. Aliichukua ile nepi mkononi. Kavu kweli. Kavu kote, mbele na nyuma.
>
> "Amekojoa saa ngapi mara ya mwisho?"
>
> Mama Swaleh alimtazama nyanya, kana kwamba jibu liko kwake.
>
> Rehema alimlaza mtoto mapajani, akampandisha fulana. Swaleh alijinyonganyonga na kulia, kilio chembamba kisicho na machozi. Macho yalikuwa yameingia ndani. Akamfinya ngozi ya tumbo kati ya kitovu na ubavu, akaachia. Mkunjo ulibaki umesimama kidogo kama mtu anayesita mlangoni, kisha ukalala. Alimtilia maji kwenye kijiko. Swaleh alikidaka kijiko kwa mikono yote miwili, akalia kilipoondolewa.

Nepi kavu ndiyo nimeitafuta wiki nzima bila kujua. Kwa mama ni habari njema, kwa Rehema ni habari mbaya, na hakuna anayesema uongo.

Dalili nimeziweka nne na zote anaziona au kuzigusa mwenyewe: mtoto hatulii, macho yamezama, anakunywa kwa pupa, ngozi inarudi polepole. Mbili kati ya hizo zinatosha kusema mtoto amepungukiwa maji. Nilijizuia kumfanya Swaleh alegee au ashindwe kunywa, ingawa kalamu ilikuwa inavutwa huko. Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, ambaye ngozi yake inachukua zaidi ya sekunde 2 kurudi, huyo anahitaji maji ya mshipa mara moja, na hadithi ingekuwa ya mbio na king'ora. Mimi nataka hadithi ya kijiko.

Swali la ufundi lilikuwa: Rehema amtibu nyumbani? Ingependeza kwenye karatasi, mwanafunzi shujaa na nyanya wake usiku kucha. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa pili anajua kwamba mtoto wa daraja hili hunyweshwa chini ya macho ya kituo, akaangaliwa tena baada ya saa 4. Rehema angekaa naye nyumbani ningekuwa nimemfanya mpumbavu ili nipate mwanga wa kibatari. Kwa hiyo wanakwenda. Mama Swaleh na mtoto na nyanya kwenye bodaboda moja, mambo ambayo hayafai lakini yapo, na Rehema kwa miguu nyuma yao. Kabla ya kutoka anachanganya pakiti ya ORS, ile chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, aliyonayo chumbani, na njiani mtoto anaendelea kulambishwa.

Anaposoma pakiti nimempa nusu sentensi ya kutazama kiasi cha maji kilichoandikwa. Kuna pakiti za nusu lita na kuna za lita moja. Ukichukua moja ukidhani ni nyingine, mtoto anakunywa ama maji matupu ama chumvi kali, na huko dukani zinafanana.

Jumapili usiku

Kona ya kunyweshea watoto. Benchi, jagi, vikombe, karatasi ukutani. Nimeiandika fupi kwa vitu na ndefu kwa muda, kwa sababu ndivyo mtu anavyoihisi akiwa pale.

Hesabu ni hii, na nimeiacha ndani ya hadithi kwa kuwa ndiyo inayobeba tukio. Kijitabu cha kliniki cha Swaleh kinasema kilo 9. Kipimo ni mililita 75 kwa kila kilo, ndani ya saa 4. Hiyo ni mililita 675. Ukimpa mtoto kwa kikombe akagugumia atatapika, kwa hiyo ni kijiko. Kijiko cha chai ni mililita 5, kwa hiyo vijiko 135. Ukivigawa kwenye saa 4, ni kama vijiko vitatu kila dakika 5, usiku wote wa manane.

Halafu nikaweka kando yake vile vijiko vitatu vya mpera vya mchana kutwa. Mililita 15. Simwambii msomaji chochote kuhusu tofauti hiyo. Rehema anaiandika kwenye daftari mstari mmoja chini ya mwingine, basi.

Nani ananywesha? Mama Swaleh hajalala tangu jana, anasinzia amekaa. Rehema anaweza, lakini nimempa kazi hiyo nyanya, na tangu nimpe, tukio limepumua:

> Nyanya alitoa tasbihi. Kijiko kimoja, punje moja. Hakuharakisha na hakusimama. Punje 99 zilipokwisha alishika ile ndefu ya kichwani, akapumzika pumzi moja, akaanza mzunguko wa pili.
>
> "Nimebakiza ngapi?"
>
> "Thelathini na sita, Nyanya."
>
> Kwenye punje ya kumi na moja Swaleh alitapika. Nyanya aliweka kijiko chini, akavuta mtandio wake kumpangusa, akasema, "Haya. Tumbo limekataa. Tumwache."
>
> "Tumwache dakika kumi," Rehema alisema. "Halafu tuanze tena, polepole zaidi."
>
> "Kimemrudi, mke mwenzangu. Kitu kikimrudi mtoto humlazimishi."
>
> "Kimerudi kidogo. Kilichobaki ni kingi."
>
> Nyanya alimtazama muda mrefu. Kisha akaichukua mkononi ile saa ya kifuani ya Rehema, ikiwa bado imebanwa kwenye sare, akaigeuza aione. "Nionyeshe dakika kumi ziko wapi."

Hapa ndipo somo linapogeuka upande, na sikulipanga. Mpaka sasa ni Rehema aliyekuwa akiiba kwa macho. Nyanya naye anajua kuiba.

Nimeweka pia jambo moja dogo ambalo rafiki yangu alilisisitiza: mtoto anaendelea kunyonya. Mama Swaleh anaamshwa, ananyonyesha, analala tena. Watu wengi hukatiza ziwa mtoto akiharisha wakidhani linachochea. Sikulieleza, limetendeka tu.

Jumanne

Tukio gumu, na ndilo nililokuwa nikilikwepa kwa kuandika mengine. Kabla ya kunywesha, muuguzi wa zamu anachukua maelezo. Kituo hakina jina kwenye hadithi na muuguzi pia hana. Si mbaya, amechoka tu, na swali lake ni la kila siku:

> "Umempa dawa yoyote nyumbani?"
>
> "Hapana, Sista," Mama Swaleh alisema haraka.
>
> "Hata za kienyeji?"
>
> "Hapana."
>
> "Ameharisha mara ngapi leo?"
>
> "Mara mbili tu. Na amefunga tangu mchana."
>
> Muuguzi aliandika: mara mbili.

Mama anaficha kwa sababu amewahi kugombezwa, au jirani yake amewahi. Nyanya ananyamaza kwa sababu hajaulizwa yeye. Rehema ananyamaza kwa sababu yuko na sare ya chuo, na kesho kutwa huenda akawa kwenye zamu chini ya muuguzi kama huyu.

Msomaji wangu mmoja wa rasimu alishauri niongeze tishio, kwamba chuo kitamfukuza akijulikana anajihusisha na mitishamba. Nimekataa. Sheria ya Afya ya 2017 yenyewe inaitambua tiba ya asili na kuitaka serikali iwe na sera ya kuisimamia. Hakuna anayefukuzwa kwa kuchemsha mpera. Kinachomfunga Rehema mdomo ni aibu, ile ya mwanafunzi aliyepata alama nzuri za famakolojia halafu anakwenda kwa mwenye viungo kupima majani. Aibu inatosha. Ukiweka polisi mlangoni, aibu inapotea.

Lakini lazima aseme, na lazima msomaji aelewe kwa nini bila kuhubiriwa. Muuguzi anakisia maji yaliyopotea kwa sehemu kutokana na hesabu ya choo. "Mara mbili tu" inamwambia mtoto hana shida kubwa. Kama jani ndilo lililopunguza hizo safari, basi hesabu hiyo imepotoka, na tumbo la Swaleh linapaswa kushikwa na kusikilizwa kama limejaa. Jibu la mama linaubadilisha uamuzi. Nimejaribu kuliandika hivi:

> "Sista." Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Alipewa maji ya majani ya mpera."
>
> Mama Swaleh aliinamisha kichwa.
>
> Muuguzi aliinua kalamu, na Rehema aliijua ile pumzi ya kabla ya kugombeza, ameisikia wodini. Hakuisubiri. Alifungua daftari kutoka nyuma. "Majani machanga, gramu kumi na mbili, maji lita moja, yalichemka dakika ishirini na mbili. Kijiko kimoja cha chai saa mbili, kimoja saa sita, kimoja saa kumi. Kabla ya kijiko cha kwanza alikuwa ameharisha mara tano. Baada yake, mara mbili. Hakuna damu, nilizitazama nepi. Hajakojoa tangu saa sita."
>
> Kalamu ilibaki hewani. "Nani alimpa?"
>
> "Mimi," Nyanya Zuhura alisema.
>
> "Na nani aliandika?"
>
> "Huyu mke mwenzangu. Anadhani sioni."

Muuguzi hapaswi kusifu. Nilikuwa na mstari anaosema "vizuri", nimeufuta. Anachofanya ni kukata "mara mbili" na kuandika "mara saba", kumshika Swaleh tumbo kwa vidole viwili, kuinama na kusikiliza, kisha kusema, "Shosho, kaa hapa na mtoto," na kuwaonyesha benchi. Kwa mtu wa hospitali hilo ni jibu kamili. Kwa msomaji wa kawaida nadhani linatosha pia.

Mpangilio unalazimika kubadilika kidogo: maelezo kwanza, vijiko baadaye. Nimeuliza nafsi yangu kama kilele kikija kabla ya tasbihi hadithi itapwaya. Sidhani. Baada ya ukweli kusemwa, vijiko 135 vinakuwa kazi ya watu ambao hawafichani tena, na ule ubishi wa kutapika unawezekana kwa sababu hiyo.

Alhamisi

Mwisho. Saa 4 zimepita, Swaleh anaangaliwa upya. Ngozi inarudi mara moja, amekojoa, anamvuta nyanya mtandio. Wanapewa pakiti za ORS za kwenda nazo na vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kutakoma kesho. Hiyo ya mwisho ndiyo wazazi huiacha njiani, kwa kuwa mtoto keshacheza. Nyumbani atapewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji.

Nyanya anauliza muuguzi, si Rehema: "Na mpera?" Nimeandika majibu matatu tofauti. La kwanza muuguzi anakataza moja kwa moja. La pili anasema si kitu. Lililobaki ni hili: "Kwa mtoto huyu, maji haya kwanza. Ukimpa kitu kingine chochote, niambie." Si ruhusa na si katazo. Muuguzi hana dozi ya kumwandikia, na hana sababu ya kumfukuza mtu ambaye mtoto wa jirani ataletwa kwake kabla ya kuletwa kituoni.

Yaliyobaki ni ya useremala. Safari ya mwarobaini kwa basi la Mombasa bado inachukua nafasi kubwa mno ukurasa wa kwanza. Naipunguza ibaki sentensi mbili. Mwenye duka la viungo anahitaji kurudi mara moja baada ya kituoni au aondoke kabisa, na ninaelekea kumwondoa, mizani ibaki. Na umri wa nyanya: kama nataka awe amezaliwa Pangani kabla haijabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, mwaka wa hadithi unabidi urudi nyuma, na pakiti za zinki hazitakuwepo. Kwa hiyo Pangani inakuwa ya mama yake. Kesho naanza hapo.